Neno la shukrani la dakika tatu kwa mama anayetimiza miaka sabini

*Shikamoo Mwalimu. Mama yetu anatimiza miaka sabini mwezi Desemba na tunamfanyia sherehe nyumbani, Kibosho. Ndugu zangu wamenichagua mimi, mtoto wa tatu kati ya watano, nitoe neno la shukrani kwa niaba ya watoto, na mshereheshaji amenipa dakika tatu. Baba alifariki mwaka 2009. Mama aliendelea kutusomesha kwa kahawa kidogo na maziwa ya ng'ombe wawili, akiandika kila lita kwenye daftari. Nimeandika mara nne, na kila mara mume wangu anasema linasikika kama wasifu wa marehemu. Nimekuambatishia rasimu zote nne. Nakosea wapi, na je, unaweza kunionyesha jinsi linavyopaswa kuwa?*

Marahaba, mwanangu. Mumeo ana sikio zuri, na ninaomba umsikilize. Nimezisoma rasimu zote nne, na tatu kati yake zinaanza kwa namna ile ile: "Mama yetu alizaliwa mwaka 1955 huko Kibosho, akapata elimu ya msingi hapo hapo, akafunga ndoa, akajaliwa watoto watano. Alikuwa mama mwenye upendo, mchapakazi na mcha Mungu." Hakuna kosa hata moja la lugha katika maneno hayo, na kila jambo lililosemwa ni la kweli. Hata hivyo, mtu yeyote wa Moshi akiyasikia yakisomwa kwenye kipaza sauti chini ya maturubai, macho yake yataanza kutafuta jeneza lilipowekwa.

Sababu yake ni kwamba wengi wetu tumejifunza kumzungumzia mzazi mahali pamoja tu, nako ni msibani. Wasifu wa marehemu tumeusikia mara nyingi tangu tukiwa watoto, ukisomwa na mtoto au mjukuu, na mpangilio wake umetukaa kichwani bila kufundishwa: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, kazi, kuugua, kufariki. Ukianza na ngazi ya kwanza, msikilizaji anapanda pamoja nawe ngazi kwa ngazi, na ukifika kwenye idadi ya watoto na wajukuu anajua kinachofuata, kwa sababu siku zote ndicho kilichofuata. Wewe utanyamaza kabla ya kufika huko, lakini yeye atakuwa amefika.

Alama ya pili imo ndani ya kitenzi. Umeandika "alikuwa mama mwenye upendo". Kiambishi "a-" kinamweka mama pembeni, azungumzwe kana kwamba hayupo, na "-likuwa" inamalizia kazi hiyo kwa kuuweka upendo wake katika wakati uliokwisha. Mama mwenyewe atakuwa amekaa hatua chache kutoka ulipo, amevaa kitenge chake kipya, anasikia. Kwa nini azungumzwe kama hayupo?

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba ni kubadilisha nafsi. Mwambie yeye, usiwaambie wageni habari zake. Pale ulipoandika "alitulea" sema "ulitulea" au "umetulea", na hapo uchague kwa makini, kwa kuwa maneno hayo mawili hayafanani. "Ulitulea" ni habari ya miaka fulani iliyopita, ilhali "umetulea" inaonyesha kwamba matokeo ya malezi hayo yamesimama hapo uwanjani leo, yamevaa sare ya sherehe. Tumia "-li-" kwa tukio lenye siku yake, kama vile mwaka ule baba alipoondoka. Tumia "-me-" kwa yale ambayo bado mnayo mikononi. Na hakikisha kwamba kuna walau sentensi moja yenye "-na-", yaani jambo ambalo mama analifanya mpaka leo. Sentensi hiyo moja ya wakati uliopo ndiyo inayolitoa neno lako msibani moja kwa moja, maana haiwezi kusemwa juu ya mtu aliyekwisha kuondoka. Kama huna sentensi ya namna hiyo, usianze kuandika kabla hujaipata.

Kisha lipo jambo dogo ambalo nimelitumia kwa miaka mingi ya kusherehesha shughuli za kifamilia hapa Moshi na Arusha, na halijawahi kuniangusha. Usianze na "itifaki imezingatiwa", wala usianze na orodha ya waheshimiwa. Shika kipaza sauti, mtazame mama, useme: "Mama, shikamoo." Halafu unyamaze kabisa na umsubiri. Atajibu "marahaba", pengine kwa sauti ndogo, pengine ataongeza "mwanangu". Wageni waliokuwa wakinong'ona watanyamaza ili wamsikie, watoto watageuka, na uwanja mzima utakuwa umemsikia mwenye siku akijibu kwa sauti yake mwenyewe. Baada ya marahaba hiyo, hakuna atakayesikia wasifu wa marehemu. Ukishapata jibu lake, wasalimie wengine kwa sentensi moja. Wataje wazee wa pande zote mbili, yaani ukoo wa baba na wajomba zako waliomtoa mama, kisha umtaje padre kama yupo, na hao wengine waingie katika neno "wageni wetu". Nimeona watu wakitumia dakika nzima kati ya tatu kumtaja mwenyekiti wa kitongoji, katibu wa jumuiya, kamati ya chakula na wenzao wa kazini, na hiyo ni theluthi ya shukrani za mama iliyogawiwa watu wengine.

Hapo nakuomba umuulize mshereheshaji swali moja mapema, hata kwa simu: "Neno langu ni la kumshukuru mama, au ni la kuwashukuru wageni?" Katika ratiba nyingi za sherehe zetu mambo haya mawili yanaandikwa kwa jina moja, "neno la shukrani", na hapo ndipo mama wengi wanapopoteza shukrani zao. Neno la kuwashukuru wageni huwa mwishoni, linawataja wapishi, waliochangia, waliotoka Dar es Salaam usiku kucha, na aliyeazima viti. Ni neno la lazima na la heshima, lakini ni kazi ya mtu mwingine. Mpe kaka yenu mkubwa au shemeji. Neno lako wewe liwekwe kabla ya keki na ndafu, watu wakiwa wamekaa, kwa sababu mbuzi akishakatwa na mbege ikishaanza kuzunguka, hakuna dakika tatu za utulivu zitakazopatikana tena siku hiyo.

Sasa niingie kwenye kiini cha neno lenyewe. Katika rasimu zako umemshukuru mama kwa upendo, malezi, maombi, elimu, ushauri, uvumilivu na mfano bora. Ni mambo saba, na kwa dakika tatu kila moja limepata sentensi moja, nayo ni sentensi ambayo jirani yako angeweza kuichukua akaisoma kwa mama yake bila kubadilisha neno. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: kama sentensi inaweza kuhamia nyumba ya jirani bila kubadilika, bado hujamshukuru mama yako, umeshukuru akina mama. Chagua jambo moja tu, tena lenye kitu kinachoshikika mkononi.

Na kitu hicho unacho. Katika rasimu ya tatu uliandika sentensi mbili, kisha ukazikata kwa mstari, nadhani kwa kuona kwamba ni mambo madogo mno kwa sherehe kubwa. Uliandika kwamba daftari la maziwa lilikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi ili msiichukue, na kwamba mama alikuwa anaandika tarehe, lita na aliyechukua, halafu pembeni kabisa anaandika jina la mmoja wenu, yaani mtoto ambaye fedha ya maziwa hayo ni ada yake. Mwanangu, niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Upendo, malezi, uvumilivu na elimu, yote manne, yamo katika ile safu ya pembeni, na hakuna mama mwingine Kibosho nzima ambaye unaweza kumhamishia safu hiyo.

Yapo mambo mawili ya kuepuka unapolisimulia daftari, na yote mawili nayasema kwa uzito. La kwanza, usilisome wala usilionyeshe ukurasa wowote. Daftari la maziwa ni daftari la madeni pia. Ndani yake kuna majina ya majirani, na mbele ya baadhi ya majina hayo, kama nijuavyo madaftari ya aina hiyo, limeandikwa neno "bado". Majirani hao watakuwa wamekaa kwenye viti vya mbele, na pengine mmoja wao ndiye aliyeleta mkungu wa ndizi kwa ajili ya sherehe. Mama alikaa na siri zao kwa miaka yote hiyo. Usizifungue siku yake.

La pili ni ufukara. Rasimu ya kwanza ina maneno haya: "Tulilala njaa mara nyingi, tulivaa nguo zilizochanika." Niliwahi kuwa mshereheshaji katika sherehe ya mama mmoja upande wa Tengeru, ambako kijana wake, kwa nia njema kabisa, alisimulia mbele ya wakwe zake jinsi walivyokuwa wakiazima unga. Mama yule aliinamisha uso, akaanza kuikunja na kuikunjua leso yake mapajani, na hakuuinua uso mpaka kijana alipomaliza. Watu walipiga makofi, na kijana aliamini kwamba amefanikiwa. Mimi nilikuwa karibu na nikaona kwamba mama alikuwa ameaibika, kwa kuwa alichokisikia ni kwamba watoto wake walikosa. Mama anayesifiwa kwa sherehe ndiye mwenye nyumba siku hiyo, na mwenye nyumba hapendi wageni waelezwe sufuria lake lilikuwa tupu siku gani. Tofauti ni ndogo katika maneno, lakini ni kubwa kwa anayesikia: simulia alichokifanya, usisimulie mlichokikosa. "Ulikamua, ukaandika, ukalipa ada" inatosha. Watu wazima walioko hapo watajua wenyewe hali ilikuwaje.

Kuhusu baba, naona hofu yako kubwa iko hapo, maana katika rasimu mbili umemtaja mwishoni na katika nyingine mbili hukumtaja kabisa. Kutomtaja kutawaumiza ndugu zake waliopo, na kumtaja mwishoni kutaizamisha sherehe katika kilio wakati ambapo huna tena dakika ya kuwanyanyua watu. Mahali pake ni katikati, kwa sentensi moja au mbili, na aingie kupitia jambo lile lile la daftari, asije kama mada mpya. Tumia "baba alipotuacha" badala ya "marehemu baba alipofariki dunia", kwa sababu maneno haya ya pili yana sauti ya tangazo la redio. Na usiwaombe wageni wasimame kwa dakika ya ukimya. Kama familia inataka kumkumbuka baba kwa sala, hiyo ni nafasi ya padre wakati wa misa ya shukrani au sala ya ufunguzi.

Kuna tahadhari nyingine inayohusu miaka sabini hasa, nayo sijaona ikisemwa mahali popote. Watu wengi hupenda kuitaja Zaburi ya 90, aya ya 10, kwa kuwa inataja miaka sabini waziwazi, na wewe umeiweka kwenye rasimu ya nne. Naomba uifungue uisome mpaka mwisho. Inasema kwamba siku zetu ni miaka sabini, na themanini kwa wenye nguvu, lakini haiishii hapo. Inaendelea kueleza taabu ya miaka hiyo na jinsi inavyopita upesi nasi tukatoweka. Ni sala ya mwanadamu anayeutafakari ufupi wa maisha, na ndiyo maana husomwa sana kwenye mazishi. Ukiitaja nusu, wazee wanaoijua wataimalizia kimyakimya. Padre anaweza kuihubiri akaieleza vizuri kwa dakika kumi na tano. Wewe mwenye dakika tatu huwezi, kwa hiyo iondoe.

Neno lenyewe, kwa kutumia mambo yaliyomo katika rasimu zako na bila kuongeza la kwangu, ningeliandika hivi:

"Mama, shikamoo.

Wazee wetu wa pande zote mbili, Baba Paroko na wageni wetu, shikamooni, na karibuni sana nyumbani.

Mama, nimesimama kwa niaba ya watoto wako watano. Dakika nilizopewa ni chache, kwa hiyo nitakushukuru kwa jambo moja tu. Nakushukuru kwa lile daftari lako la maziwa.

Wengi waliopo hapa hawalijui. Lilikuwa na jalada jeusi, na penseli yake uliifunga kwa uzi ili tusiichukue. Kila jioni, ukishamaliza kukamua, ulikuwa unakaa karibu na taa, unaandika tarehe, unaandika lita, kisha pembeni kabisa unaandika jina la mmoja wetu. Mimi nilidhani unaandika nani amekunywa maziwa siku hiyo. Nilipoingia kidato cha tatu ndipo nilipojua kwamba ulikuwa unaandika maziwa ya siku hiyo ni ada ya nani.

Baba alipotuacha mwaka 2009, hukutuita kutueleza itakuwaje. Ulifungua ukurasa mpya, ukaandika tarehe, ukaendelea. Daftari mliloanza wawili, ukalimaliza peke yako, na majina yote matano yakamaliza shule.

Na bado unaandika, Mama. Mwezi uliopita nimeliona daftari jipya juu ya kabati. Pembeni hayapo tena majina yetu. Yapo majina ya wajukuu.

Leo basi, sisi watoto wako, wakwe zako, wakaza wana wako na wajukuu wako, tunakuambia mbele ya ndugu zako wote: tulikuwa tunaona. Ulipodhani tumelala, tulikuwa tunaona.

Aika, Mama. Asante. Naja hapo ulipo."

Ukiyahesabu maneno hayo utakuta ni kama mia moja na themanini hivi, na utajiuliza kama hayo yanajaza dakika tatu. Kwa Kiswahili kinachosemwa nje, kwa kipaza sauti, na mtu asiyezoea kuhutubia, mimi hukadiria maneno mia moja kwa dakika yakisemwa bila haraka, kwa kuwa maneno yetu ni marefu na sauti inahitaji muda wa kufika viti vya nyuma. Maneno mia tatu yangejaza dakika tatu kama hakuna mtu atakayepumua. Lakini utasubiri marahaba, wazee wataitikia salamu, penseli iliyofungwa kwa uzi itawachekesha wengi, shangazi atapiga vigelegele kwenye "majina yote matano", na wewe mwenyewe utahitaji kumeza mate mara moja au mbili. Hayo yote ni muda, nao ni muda mzuri. Lisome nyumbani mara mbili ukiwa umesimama, kwa sauti ile utakayoitumia, ukiwa na saa mbele yako. Ukimaliza chini ya dakika mbili na nusu bila wasikilizaji, uko salama. Kusoma kwa macho ukiwa umekaa hakupimi chochote.

Utaona kwamba Kichaga nimekiweka mahali pamoja tu, katika ile "Aika" ya mwishoni, yaani asante, na ulitamke neno hilo kama mnavyolitamka nyumbani kwenu, maana Kibosho na Rombo hawasemi sawa. Wapo wanaopendekeza neno zima lisemwe kwa Kichaga kwa ajili ya mabibi waliopo. Mimi sikubaliani nao katika hali yako, kwa kuwa wajukuu waliokulia mjini na wakwe waliotoka mikoa mingine watabaki kutazamana, na daftari lile ni lao pia. Lakini shukrani ya mwisho kabisa, mama aipokee kwa lugha aliyolelewa nayo.

Sentensi ya wajukuu na daftari jipya nimeitoa kwenye rasimu yako ya pili, na nimeiweka baada ya baba kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yenye "-na-" niliyokutajia mwanzoni. Baada ya kumtaja baba, watu watakuwa wameshuka. Sentensi hiyo inawarudisha kwenye uwanja, kwa mama anayeishi na anayeendelea na kazi yake. Usizihamishe sehemu hizo mbili hata kama ndugu zako watakushauri vinginevyo. Hakikisha pia kwamba jambo hilo ni kweli mpaka siku yenyewe: kama mama ameacha kufuga katika miezi hii, tafuta jambo jingine analolifanya sasa, na lisiwe la kubuni, kwa maana majirani wote wanajua zizi lake lina nini.

Ndugu zako wanaweza kukuomba uwataje kwa majina na kazi zao, yule aliye Mwanza, yule mhandisi, yule aliyeko ng'ambo. Kataa kwa upole. Ukimtaja mmoja kwa cheo, atakayetajwa bila cheo atalikumbuka hilo kuliko shukrani zote, na sherehe za aina hii tayari zina maneno ya chini kwa chini kuhusu nani alichanga kiasi gani. "Watoto wako watano" inawaweka wote kwenye mstari mmoja, kama walivyokuwa kwenye safu ile ya pembeni. Kwa sababu hiyo hiyo usitaje zawadi wala gharama yake. Zawadi ina nafasi yake katika ratiba.

Kuhusu machozi, usijiapize kwamba hutalia. Utalia, na mahali utakapolia napajua: ni pale kwenye "ukalimaliza peke yako". Kwa hiyo weka alama kwenye karatasi kabla ya maneno hayo, simama hapo kwa makusudi, vuta pumzi, kisha uyaseme polepole. Machozi yaliyotarajiwa yanapita; yanayomshtukiza msemaji ndiyo yanayomnyima sauti. Andika kwenye karatasi ngumu, kwa herufi kubwa, upande mmoja tu. Usisomee kwenye simu, kwa sababu kioo huzimika wakati mkono unatetemeka, na simu ya mtu aliyepotea njia akiulizia nyumba huingia wakati huo huo. Nakala ya pili mpe mdogo wako mmoja akae karibu nawe. Ukishindwa kabisa, ampe mama mkono, aendelee kutoka mstari uliokomea bila kuomba radhi kwa wageni.

Simama mahali ambapo mama anauona uso wako bila kugeuza shingo, hatua tatu au nne kutoka kwake, ukiwa pembeni kidogo ili usiwape wageni mgongo. Epuka kusimama mbele ya spika, maana kipaza sauti kitapiga mluzi. Usimwombe mama asimame. Wewe ndiwe unayemwendea, na maneno "naja hapo ulipo" yanamjulisha kwamba akae tu, akusubiri.

Na mwambie mpiga muziki, siku hiyo asubuhi, kwamba asifungulie wimbo wowote unapomaliza mpaka umpungie mkono. Wengi wamezoea kuujaza ukimya haraka. Ukifika kwa mama, ukaishika mikono yake, kuna uwezekano mkubwa atataka kusema neno, na huenda likawa neno moja tu. Usimkabidhi kipaza sauti, mshikie wewe, karibu na kidevu, ili mikono yake iendelee kukushika.